Ikisiri ya maneno 100: ufuate slaidi au uanze na hoja?

Slaidi 12, dakika 20, maneno 100. Hizo ndizo hesabu nilizopewa na waandaaji wa kongamano moja la walimu wa sayansi. Slaidi nilikuwa nazo tayari, na dakika 20 nimezizoea. Maneno 100 ndiyo yaliyonikesha, kwa sababu masharti yalisema mia kamili, si kama mia wala yasiyozidi mia. Kijitabu cha ratiba kilikuwa cha ukubwa wa A5, vikao vinne kwa kila ukurasa, na kila kikao na kiboksi chake. Ukizidisha, mpangaji wa kurasa anakata mkia. Ukipunguza, kiboksi chako kinabaki na uwazi ambao jirani yako hana, na ukurasa mzima unaonekana umependa upande.

Niliandika ikisiri mbili za wasilisho lilelile, zote za maneno 100, kwa njia mbili tofauti. Naziweka hapa zote mbili ili mwenye kazi kama hiyo aone kila njia inampa nini na inamnyima nini.

Kwanza wasilisho lenyewe. Linahusu maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi, jambo ambalo vitabu vya fizikia duniani vinaliita kwa jina la Mtanzania, Erasto Mpemba. Slaidi ya kwanza ni kichwa cha mada. Slaidi ya 2 na ya 3 zinasimulia mwaka 1963 katika shule ya sekondari Magamba: wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, Mpemba anatia maziwa yake kwenye friza yangali moto, mwenzake anatia ya kwake bila kuyachemsha, na baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado. Slaidi ya 4 inamkuta Mpemba katika shule ya Mkwawa, Iringa, akimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Ya 5 ni makala waliyoichapisha pamoja mwaka 1969, na ya 6 ni grafu yake. Ya 7 ni maelezo yaliyopendekezwa: maji kupungua kwa uvukizi, gesi zilizoyeyuka majini, chombo cha moto kuyeyusha barafu kiliyoikalia. Ya 8 na ya 9 ni utafiti wa Burridge na Linden wa mwaka 2016, ambao haukupata ushahidi kwamba maji ya moto hupoa upesi zaidi, na ukaonyesha jinsi mahali pa kipimajoto panavyoweza kudanganya. Ya 10 inauliza swali ambalo kwangu ndilo moyo wa yote: tunaposema yameganda, tunamaanisha nini? Ya 11 ni mpango wa jaribio la darasani, na ya 12 ni ya maswali.

Njia ya kwanza ni kufuata slaidi. Unafungua wasilisho, unachukua kila slaidi kwa zamu, unaipa sentensi au nusu sentensi, unafika mwisho, kisha unakata hadi zibaki mia. Ndiyo njia ambayo wengi wetu huishika bila hata kuamua. Nilipata hii:

> Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, alitia maziwa ya moto kwenye friza, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake hakumwamini, na wanafunzi wenzake walimcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wasilisho hili linaeleza historia hiyo, linapitia maelezo yaliyotolewa na wanasayansi kama uvukizi na gesi zilizoyeyuka majini, na linagusia utafiti wa 2016 uliopinga matokeo hayo. Pia litajadili matatizo ya upimaji, na namna jaribio linavyoweza kufanyika darasani. Mwishoni washiriki watapata nafasi ya kuuliza maswali na kubadilishana uzoefu wa kufundisha.

Njia ya pili ni kuanza na hoja. Hapa hufungui slaidi ya kwanza. Unajiuliza ni slaidi ipi ambayo ukiitoa, wasilisho linakufa. Kwangu ilikuwa ya 10. Unaandika sentensi yake kwanza, halafu unaita slaidi nyingine zije kuitetea, zile tu zinazoitetea. Zilizobaki zinasubiri ukumbini. Nilipata hii:

> Je, maji ya moto huganda kabla ya maji baridi? Jibu linategemea unachokiita kuganda: kufika nyuzi sifuri, kuonyesha barafu ya kwanza, au kuwa barafu tupu. Katika makala ya 1969, Erasto Mpemba na Denis Osborne walipima mwanzo wa kuganda, wakaona maji ya karibu nyuzi 90 yakitangulia ya nyuzi 25. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima muda wa kufika nyuzi sifuri, na hawakuona maji ya moto yakitangulia. Tutaonyesha jinsi kusogeza kipimajoto sentimita moja kunavyoweza kubadili jibu, kisha tutatoa mpango wa jaribio kwa friza ya kawaida na bika mbili. Mwalimu wa kidato cha tatu ataweza kuutumia kufundisha wanafunzi kuamua wanapima nini kabla ya kupima.

Tazama matumizi ya maneno. Ikisiri ya kwanza imetumia 53 kwa historia, yaani slaidi nne kati ya 12 zimekula zaidi ya nusu ya nafasi. Sikupanga iwe hivyo. Ndivyo njia hii inavyofanya kazi: mwanzoni una mia nzima mkononi, unasimulia kwa raha, na unapofika slaidi ya 8 umebakiza makombo. Kwa hiyo utafiti wa 2016, ambao ndio unaoleta mjadala, umepata maneno sita tu, na msomaji haambiwi nani aliufanya wala alipima nini. Anaambiwa tu kwamba "uliopinga". Slaidi ya 10 haikutajwa kabisa, imefunikwa na "matatizo ya upimaji", maneno ambayo yangekaa sawasawa kwenye ikisiri ya mada nyingine yoyote ya maabara.

Ya pili imetumia 40 kwenye sentensi mbili za katikati, ile ya 1969 na ile ya 2016, zikiwa zimekaa bega kwa bega. Msomaji anaona mwenyewe kwamba wale walipima kitu kimoja na hawa kingine. Hapo hoja imeshathibitika kabla sijafungua mdomo ukumbini. Gharama yake ni kubwa na naikiri: Magamba haipo, maziwa hayapo, na kijana aliyechekwa darasani hayupo. Hiyo ndiyo slaidi inayofanya walimu wainue vichwa. Niliona heri waikute ukumbini kuliko kwenye karatasi, kwa sababu kisa hicho kinajisimulia chenyewe kwa sauti, ilhali tofauti ya vipimo inaeleweka zaidi ikiandikwa.

Sentensi ya mwisho ya kila ikisiri inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ya kwanza ina maneno 12 yanayosema washiriki watauliza maswali. Kikao gani hakina maswali? Maneno hayo nisingeyaandika kama slaidi ya 12 isingekuwepo. Niliyaandika kwa kuwa nilikuwa nafuata slaidi, nayo ilikuwa pale. Ya pili ina maneno 15 yanayotaja mwalimu wa kidato gani atafanya nini. Mtu aliyesimama kwenye korido ya kongamano, chai mkononi, vikao viwili vikianza saa ile ile, anatafuta kitu hicho tu.

Halafu kuna mkasi wa mpangaji wa kurasa. Funika kwa kiganja maneno 20 ya mwisho ya kila moja. Ya kwanza inakatikia kwenye "Pia litajadili matatizo", na darasa limepotea lote. Ya pili inakatikia kwenye "mpango wa jaribio kwa friza", na msomaji bado ana swali, jibu na ushahidi wa pande zote mbili. Jaribio hili la kiganja ni la haraka, na ndilo ninalolitumia siku hizi kabla ya kutuma chochote.

Je, njia ya kwanza haifai kabisa? Inafaa, na ipo mahali ambapo ningeichagua bila kusita. Kama kikao chako ni mafunzo ya nusu siku, watu wanataka kujua watapitia nini na kwa utaratibu gani. Hapo mpangilio wa slaidi ndio habari yenyewe. Kama mada yako ni historia, mfuatano wa miaka ndiyo hoja, na kuanzia katikati kutawachanganya. Na kama kazi haijakamilika, njia ya pili ni ya hatari. Kijitabu huenda kwa mchapaji wiki kadhaa kabla ya kongamano. Ukiandika leo kwamba umeona hili kuliko lile, na vipimo vya wiki ijayo vikasema vingine, utasimama mbele ya watu walioshika karatasi inayokukanusha. Ikisiri inayofuata slaidi haiahidi jibu, kwa hiyo haikufungi. Mimi nilikuwa salama kwa sababu matokeo niliyoyataja ni ya watu wengine na yamechapishwa miaka mingi.

Hata hivyo ahadi moja nusura inifunge. Rasimu yangu ya pili ilisema "kisha tutafanya jaribio lenyewe". Mhariri wa kijitabu, mwalimu wa kemia, alinipigia simu. "Mwalimu, maji yanaganda kwa dakika 20?" Hayagandi, hasa kwenye friza ya ukumbi wa mikutano inayofunguliwa kila dakika watu wakitafuta soda. Ndiyo maana sasa inasomeka "tutatoa mpango wa jaribio". Ahadi ndani ya ikisiri lazima ipimwe kwa saa ya kikao, maana kwenye slaidi mchoro wa bika mbili haudai dakika, lakini kitenzi cha "tutafanya" kinazidai.

Ipo pia njia ya tatu, ya kuchukua ikisiri ndefu ya makala yako na kuikata. Sitakaa nayo sana. Inaokoa muda kama makala ipo, ila hukata viungo badala ya uzito, na unabaki na sentensi zilizoandikiwa msomaji wa jarida zilizonyang'anywa maelezo yake. Wasilisho na makala mara nyingi hata hazina hoja moja.

Sasa namna ya kufika mia kamili, maana hapa Kiswahili kina tabia zake. Programu ya Word huhesabu kilicho kati ya nafasi na nafasi. "Dar es Salaam" ni matatu. "Maji ya moto" ni matatu na "maji baridi" ni mawili, kwa hiyo mada yangu ilinitoza maneno matano kila nilipotaja pande zote mbili. "90°C" ni moja, "nyuzi 90" ni mawili. Kistari kilichoachiwa nafasi kushoto na kulia kinahesabiwa kama neno, na vile vitone vya orodha ukivinakili kutoka kwenye slaidi vinaweza kuhesabiwa pia. Kwa hiyo usinakili kutoka slaidi kisha ukaamini namba ya chini ya ukurasa. Uliza pia mapema kama kichwa cha mada na jina lako vimo ndani ya mia, kwetu havikuwamo.

Ukibakiza pengo la neno moja au ukizidisha moja, kimbilio lako ni kirejeshi. "Maziwa ambayo hayakuchemshwa" ni maneno matatu, "maziwa yasiyochemshwa" ni mawili, na maana haijatetereka. Utaona ikisiri ya kwanza imeshika umbo refu, kwa sababu ilikuwa imefika 99. Vivyo hivyo "ndani ya friza", "kwenye friza" na "frizani" ni matatu, mawili na moja. "Kwa sababu" hushuka hadi "kwani". "Alikuwa akisoma" hushuka hadi "akisoma". Hizi ni bora kuliko kuchomeka "sana", "kabisa" au "mbalimbali" mahali ambapo hakuna kilichokuwa kinapungua. Mtu akisoma "changamoto mbalimbali" kwenye kijitabu anajua mara moja mwandishi alikuwa amefika 98.

Njia moja ya mkato uikwepe: kuunganisha "kwa nini" kuwa "kwanini", au "kwa hiyo" kuwa "kwahiyo", ili kuokoa neno. Mhariri makini atayatenganisha, na ikisiri yako itafika kwa mchapaji ikiwa na 101 bila wewe kujua.

Nitoe mfano wa marekebisho yaliyobadilisha ukweli, si hesabu tu. Rasimu yangu ilisema walipima "muda hadi kuganda kunapoanza, wakaona maji ya nyuzi 90 yakitangulia". Ilikuwa mia safi. Nikairudia makala yao, nikaona wameandika kwamba muda ulikuwa mrefu zaidi maji yakianzia nyuzi 25, na mfupi kwa kiasi kikubwa kwenye nyuzi 90 hivi. Hiyo "hivi" ina haki yake, hasa katika mada inayolaumu upimaji usio makini. Nikaongeza "karibu", ikawa 101. Jaribu la kwanza lilikuwa kuondoa "Denis", lakini jina la mtu si kujazia. Jaribu la pili, kuondoa "Mwaka" kabla ya 2016, lilianzisha sentensi kwa tarakimu. Mwishowe "muda hadi kuganda kunapoanza", maneno manne, yakawa "mwanzo wa kuganda", matatu, na sentensi ikawa nyepesi zaidi kuliko mwanzo.

Je, uandike ndefu ukate, au fupi uongeze? Kwa njia ya kwanza utakata tu, na utakata sana; rasimu yangu ilianza na maneno 170 na kitu. Kwa njia ya pili rasimu ilitoka na 84, na maneno 16 ya ziada nikayapeleka mahali nilipotaka yaende: majina ya watafiti, nyuzi zenyewe, na ile sentimita moja ya kipimajoto. Kukata kunakulazimisha kuchagua cha kuua ukiwa umechoka. Kuongeza kunakuruhusu kuchagua cha kutaja ukiwa bado unaona vizuri. Kama una jioni moja tu, hiyo peke yake inatosha kukupeleka kwenye njia ya pili.

Kama kongamano linataka ikisiri kwa Kiswahili na Kiingereza, usitafsiri moja kuwa nyingine. "Hawakuona" ni neno moja kwetu, na kwa Kiingereza ni manne. Upande mwingine, viunganishi vyetu vya "ya", "wa" na "cha" vinatukamua pale ambapo wao hubandika nomino kwa nomino. Tafsiri ya mia yetu haitakuwa mia yao. Rudi kwenye slaidi ya hoja, uandike upya kutoka pale kwa kila lugha.

Kabla ya kutuma, mimi huandika ikisiri kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, maneno kumi kwa kila mstari, mistari kumi. Word haiwezi kunionyesha ninachokiona hapo. Kwenye ikisiri ya kwanza, mistari mitano ya juu yote ilikuwa 1963 hadi 1969. Kwenye ya pili, mstari wa pili tayari ulikuwa na "unachokiita kuganda". Nikaituma hiyo.